Barua pepe, mabati 600 na neno “sawa”: Mkataba wa biashara hufungwa lini?

Tuseme mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Nyarusange, mkoani Gitega, anaijibu barua pepe ya muuzaji wa mabati wa Dar es Salaam kwa maneno machache: “Sawa, nimekubali. Leteni mzigo.” Hajasaini karatasi yoyote, hajagonga muhuri, wala hajatuma hata senti moja. Siku tatu baadaye anapata mabati ya aina ile ile Muyinga kwa bei nafuu zaidi, akaamua kuachana na yale ya Dar es Salaam. Kwa maoni yake yeye bado ni mtu huru, kwa kuwa hakuna mkataba uliosainiwa.

Sheria huenda ikamwona tofauti. Mahakama haianzi kwa kutafuta saini wala muhuri, bali huuliza iwapo upande mmoja ulitoa pendekezo lililokamilika, iwapo upande wa pili ulilikubali kama lilivyo, na iwapo kila mmoja aliahidi kitu chenye thamani kwa ajili ya ahadi ya mwenzake. Mambo hayo matatu yanaweza kutimia ndani ya barua pepe mbili fupi. Tanzania inayo hata Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayotamka kwamba mkataba unaweza kufungwa kwa njia ya kielektroniki, isipokuwa wahusika wamekubaliana vingine.

Pendekezo si orodha ya bei

Turudi kwenye mabati. Mwanzoni muuzaji alituma orodha ya bei kwa wateja wake wote. Orodha hiyo peke yake haimfungi. Ni mwaliko wa kuja kuzungumza biashara, na mteja anayejibu “nipe 600” ndiye anayetoa pendekezo, ambalo muuzaji yuko huru kulikataa.

Mambo hubadilika siku ya Jumatatu, muuzaji anapomwandikia mteja huyu mmoja: mabati 600 ya geji 30, shilingi za Tanzania 25,000 kwa kila bati, mzigo kukabidhiwa katika mpaka wa Kobero, nusu ya fedha ilipwe wakati wa kuagiza na nusu wakati wa kupokea, na bei hii itadumu hadi Ijumaa saa kumi jioni. Jumla ni shilingi milioni 15. Bidhaa inajulikana, idadi inajulikana, na kadhalika bei, mahali pa kukabidhiana na namna ya kulipa. Mtu akijibu “ndiyo” hakuna jambo kubwa linalobaki kuulizwa. Hilo ndilo pendekezo.

Katika barua hiyo kuna mtego mdogo ambao wasafiri wanaovuka Kobero wanaujua vizuri. Saa ya Burundi iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja. Saa kumi jioni ya Dar es Salaam ni saa tisa alasiri Nyarusange. Mteja anayejibu saa tisa na nusu kwa saa yake anaweza kuambiwa kwamba muda umekwisha, na ubishi huo ungeepukwa kwa kuandika “saa za Tanzania” tu.

Neno “ila” linavyovunja makubaliano

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 1961, ilifuata kwa karibu sana sheria ya India ya mwaka 1872. Kifungu chake cha 7 kinataka ukubali uwe kamili na usio na masharti. Hapa ndipo barua pepe nyingi za biashara huharibika, kwa sababu watu hukubali na kupunguza bei katika sentensi moja.

Siku ya Jumanne mteja wetu anaandika: “Nimekubali, ila mzigo ufikishwe Gitega kwa bei hiyo hiyo.” Anadhani amekubali. Kisheria amelikataa pendekezo la Jumatatu na kutoa lake jipya. Muuzaji anakaa kimya. Alhamisi mteja anaandika tena: “Basi, nachukua kwa masharti yenu ya Jumatatu.” Amechelewa, ingawa Ijumaa haijafika. Pendekezo la Jumatatu lilikufa Jumanne, na muuzaji anaweza kumjibu kwamba bei sasa ni shilingi 27,000.

Kanuni hiyo ni ya zamani. Katika kesi ya Hyde dhidi ya Wrench, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1840, mwenye shamba alitaka pauni 1,000, mnunuzi akasema 950, akakataliwa, kisha akarudi kusema anakubali 1,000. Mahakama ilisema hakuna mkataba, kwa kuwa pendekezo la kwanza lilikuwa limekwisha kuuawa na lile la 950.

Mteja angeweza kujikinga kwa kuuliza badala ya kudai. Angeandika, “Je, mnaweza kuufikisha Gitega kwa bei hiyo?”, hilo lingekuwa swali tu. Pendekezo la Jumatatu lingebaki hai hadi muda wake uishe au liondolewe. Tofauti kati ya sentensi hizo mbili ni ndogo masikioni, lakini katika mfano huu imegharimu shilingi milioni 1.2.

Ukimya nao si ukubali. Muuzaji akiandika, “Nisipopata jibu nitahesabu umekubali,” hawezi kumfunga mtu ambaye hajasema neno. Lakini vitendo vinaweza kusema: mteja akituma nusu ya fedha kama alivyoelekezwa, bila kuandika lolote, kifungu cha 8 cha sheria hiyo kinahesabu kutimiza sharti la pendekezo kuwa ni kulikubali.

Shehena tano za boksiti

Je, vipi wahusika wakiwa wamekusudia kuandaa mkataba rasmi baadaye? Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya India katika kesi ya Trimex dhidi ya Vedanta, iliyoamuliwa mwezi Januari 2010. Uamuzi huo haiifungi mahakama ya Tanzania, lakini una uzito wa hoja, kwa sababu sheria za nchi hizo mbili zimetoka shina moja.

Trimex, kampuni ya Dubai, ilituma pendekezo kwa barua pepe tarehe 15 Oktoba 2007 la kuiuzia Vedanta boksiti kutoka Australia. Barua pepe kadhaa zikapita, na siku iliyofuata Vedanta ikathibitisha ununuzi wa shehena tano. Trimex ikaenda kukodi meli. Mwezi Novemba Vedanta ikaomba shehena ya kwanza isimamishwe, na baadaye ikadai kwamba hapakuwa na mkataba, kwa kuwa hati rasmi ilikuwa bado ni rasimu na mambo kadhaa yalikuwa hayajamalizwa.

Mahakama iliikataa hoja hiyo. Mambo ya msingi yalikuwa yamekubaliwa katika barua pepe, na hati iliyokuwa ikiandaliwa ingeyaweka tu katika sura rasmi. Mkataba uliokwisha kufungwa haufunguki kwa sababu karatasi yake haijasainiwa.

Asiyetaka kufungwa mapema anayo njia rahisi, nayo ni kusema hivyo waziwazi tangu barua ya kwanza: “Mazungumzo haya hayatakuwa mkataba mpaka pande zote mbili zisaini hati.” Vedanta ingekuwa na maneno ya namna hiyo, kesi yake ingekuwa na nguvu zaidi.

Badali, na ahadi isiyolipiwa

Jambo la tatu ndilo linalowatatiza zaidi wafanyabiashara wa Burundi, kwa kuwa sheria ya nyumbani kwao halijui kwa sura hii. Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi kutoka kwa Waingereza sharti la badali: kila ahadi iwe na kitu kinachotolewa au kuahidiwa kwa ajili yake. Katika mabati 600 badali iko wazi. Muuzaji anaahidi mabati, mteja anaahidi fedha, na kila ahadi inainunua nyingine. Hakuna haja ya fedha kuwa zimekwisha kulipwa.

Ugumu uko kwenye ahadi ya “bei hii itadumu hadi Ijumaa”. Mteja ametoa nini ili apewe siku hizo? Hakuna. Kwa hiyo chini ya sheria ya Tanzania muuzaji anaweza kuliondoa pendekezo lake Jumatano, maadamu mteja bado hajatuma ukubali wake. Mteja akitaka siku hizo ziwe zake kwa hakika, alipe kiasi, hata kidogo, kwa ajili ya kushikiliwa bei. Ahadi nyingine ya aina hiyo ni ile inayotolewa biashara ikishafungwa: “Nitakuongezea mabati 20 bure.” Ikiwa haikuwamo katika pendekezo, ni ukarimu tu, na ni vigumu kuidai mahakamani.

Burundi inafuata njia nyingine. Sheria yake ya mikataba inatokana na amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Kongo, na inataja masharti manne: ridhaa, uwezo wa kisheria wa kufunga mkataba, kitu kinachojulikana, na sababu halali. Sababu halali si badali. Mauzo hukamilika wauzianao wanapokubaliana juu ya kitu na bei, hata kama kitu hakijakabidhiwa na bei haijalipwa.

Zaidi ya hapo, tangu Oktoba 1999 Burundi imo katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mauzo ya Kimataifa ya Bidhaa, uliotiwa saini Vienna mwaka 1980. Uganda imo pia. Mfanyabiashara wa Gitega anayenunua bidhaa Kampala kwa ajili ya biashara yake huwa chini ya mkataba huo moja kwa moja, isipokuwa wameuondoa. Huko pendekezo lililotajiwa muda maalumu haliwezi kuondolewa kabla ya muda huo kuisha, na mauzo yanaweza kubadilishwa kwa makubaliano matupu, kwa hiyo yale mabati 20 ya nyongeza, yakikubaliwa, yanadaiwa.

Tanzania haimo. Ndiyo maana sentensi moja katika barua pepe, inayotaja sheria ya nchi gani itatumika na mahakama gani itaamua, inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko punguzo la bei. Pasipo sentensi hiyo, ubishi wa kwanza mahakamani utakuwa juu ya sheria itakayotumika, kabla hata mabati hayajatajwa.

Likifika huko, swali litakuwa pia nani aliandika nini na saa ngapi. Picha ya skrini inaonyesha maneno tu, na ni rahisi kupingwa. Barua pepe yenyewe, ikibaki katika sanduku la barua bila kufutwa, hubeba ndani yake anwani, tarehe na saa ambayo ilipita katika kila seva. Anayebadilisha simu na kuipoteza anwani yake ya zamani huwa ameupoteza pia mkataba wake, au angalau ushahidi wake.