Kwa Nini Wingu Halianguki Kama Mvua

Maji ni mazito kuliko hewa kwa zaidi ya mara 800. Wingu nalo ni maji: si mvuke, bali matone madogo mno yasiyohesabika, yaliyotapakaa hewani. Kitu kizito kilichozungukwa na kitu chepesi hushuka, na matone ya wingu hushuka kweli. Ila hushuka polepole kiasi kwamba hewa inayopanda taratibu kutoka ardhini inatosha kuyashikilia juu.

Aliyelifafanua jambo hili kwa hesabu ni George Gabriel Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1851 lilichapishwa andiko lake kuhusu namna hewa inavyopunguza mwendo wa pendulumu. Ndani yake alipiga hesabu ya tufe dogo linalosogea polepole ndani ya hewa au kimiminika, kisha akaitumia kueleza kwa nini mawingu huonekana kuelea. Jibu lake huandikwa hivi:

F = 6πμrv

F ni nguvu ya ukinzani, yaani nguvu inayolizuia tufe lisisonge. Herufi μ ni mnato wa hewa au kimiminika, r ni nusu ya kipenyo cha tufe, na v ni kasi yake. Kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani nao unaongezeka maradufu, wala si zaidi. Sababu yake inaonekana tukiangalia kinachotokea pembeni mwa tone.

Hewa inayogusa uso wa tone hushikamana nalo na kwenda kwa kasi ileile. Hewa iliyo mbali imetulia. Katikati yake kuna matabaka, kila moja likiteleza juu ya jingine kwa kasi tofauti kidogo, na huko kuteleza ndiko kunakozaa msuguano. Ukali wa msuguano unategemea jinsi kasi inavyobadilika kutoka tabaka hadi tabaka. Hewa inayosumbuliwa sana ni ile iliyo ndani ya umbali unaokaribia ukubwa wa tone lenyewe, kwa hiyo badiliko hilo ni kama v kugawanywa kwa r. Zidisha na mnato, kisha zidisha na eneo la uso wa tone, ambalo hukua kwa mraba wa r. Mgawanyo mmoja wa r unajifuta na mraba wake, na kinachobaki ni μ mara r mara v. Hesabu kamili ya Stokes inaongeza 6π tu. Theluthi mbili za nguvu hiyo ni msuguano wa hewa inayokwaruza uso wa tone. Theluthi iliyobaki hutokana na shinikizo, ambalo ni kubwa zaidi mbele ya tone kuliko nyuma yake.

Hatua hizo zina sharti moja ndani yake. Tumehesabu msuguano pekee, tukasahau kwamba hewa ina uzito na haipendi kusukumwa ghafla. Mradi mwendo ni wa polepole na tone ni dogo, kusahau huko hakuna madhara, kwa kuwa mnato ndio unaotawala kila mahali kuzunguka tone. Hapo kasi ikiongezeka maradufu, hewa hufuata njia zilezile na kila msuguano na kila shinikizo huongezeka maradufu tu.

Sasa tulipime tone halisi la wingu. Nusu ya kipenyo chake ni mikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita. Uzito wake unashuka nalo, ukinzani unalizuia, na papo hapo nguvu hizo mbili zinalingana. Tangu hapo tone hushuka kwa kasi moja isiyobadilika. Uzito hukua kwa r mara tatu na ukinzani kwa r mara moja, hivyo kasi ya kushuka hukua kwa mraba wa r. Kwa hewa ya kawaida, tone letu linapata sentimita 1.2 kwa sekunde. Likiwa mita 1,000 juu, lingehitaji karibu saa 23 kufika chini, na kabla ya hapo hewa kavu iliyo chini ya wingu ingekuwa imeligeuza mvuke.

Tufanye hesabu hiyohiyo kwa tone la mvua lenye kipenyo cha milimita 2. Ni kubwa mara 100 kuliko lile la wingu, kwa hiyo kanuni inadai lishuke kwa kasi kubwa mara 10,000, yaani mita 120 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 400 kwa saa, na mvua ya namna hiyo ingemjeruhi mtu. Tone la kweli la ukubwa huo huanguka kwa mita 6.5 kwa sekunde hivi. Kanuni imekosea karibu mara 20.

Lililobadilika ni kwamba hewa haipati tena nafasi ya kujipanga upya nyuma ya tone. Inasukumwa pembeni kwa nguvu, inaendelea kwenda kwa sababu ina uzito, na inaacha nyuma mkia wa hewa inayozunguka wenye shinikizo dogo. Gharama ya kuisukuma hewa hukua kwa mraba wa kasi, nayo inaupita msuguano kwa mbali. Kwa hiyo kasi ya kushuka haifuati tena mraba wa ukubwa. Tone la milimita 2 likikua kuwa la milimita 4, kasi yake hupanda kutoka mita 6.5 hadi karibu 8.8 kwa sekunde tu. Tone la wingu likikua maradufu, kasi yake huwa mara nne.

Mpaka kati ya hali hizi mbili hupimwa kwa namba ya Reynolds, iliyopewa jina la Osborne Reynolds wa Manchester: uzito wa hewa kwa kila mita ya ujazo, mara kasi, mara kipenyo, kisha ugawanye kwa mnato. Inalinganisha ugumu wa kuisukuma hewa na ugumu wa kuikwaruza. Kwa tone letu la wingu ni 0.016. Ikiwa 0.1, kanuni ya Stokes inapunguza ukinzani kwa takriban asilimia 2. Ikifika 1, kosa ni zaidi ya asilimia 10. Kwa maji yanayoshuka hewani, 1 hufikiwa tone likiwa na kipenyo cha mikromita 80 hivi, unene wa unywele.

Kuna mpaka mwingine upande wa chini. Matone madogo mno huanza kupita katikati ya molekuli za hewa, kana kwamba hewa haishikamani tena na uso wao. Robert Millikan aligundua hilo huko Chicago, kuanzia 1909, alipopima chaji ya elektroni kwa matone ya mafuta. Kila tone lilivyokuwa dogo zaidi, chaji aliyoipata kwa kanuni ya Stokes ilizidi kuwa kubwa, ingawa chaji yenyewe haiwezi kutegemea ukubwa wa tone. Ilibidi airekebishe kanuni. Kwa tone lenye nusu ya kipenyo ya mikromita 1, ukinzani halisi ni pungufu kwa asilimia 8 hivi.

Kwa hiyo anayeitumia kanuni hii ana njia ya kujikagua mwenyewe. Atafute kasi kwa kanuni, kisha kwa kasi hiyohiyo atafute namba ya Reynolds. Tone la wingu litatoa 0.016, na jibu litaaminika. Tone la mvua litatoa namba inayozidi 10,000, na hapo kanuni yenyewe itakuwa imemwambia aiweke kando.