Ufadhili wa uzamili Ulaya: Kikwazo cha kwanza kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ni cheti

MWANAFUNZI aliye katika mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza ana milango michache ya ufadhili wa uzamili ng'ambo kuliko anavyodhani. Ule wa serikali ya Uingereza, Chevening, hudai saa 2,800 za kazi, yaani takriban miaka miwili, na kwa sababu hiyo wengi walio bado darasani hawana nafasi.

Erasmus Mundus, mpango wa Muungano wa Ulaya ulioanza mwaka wa 2004, una masharti tofauti. Mwombaji anaweza kutuma maombi kabla hajahitimu, mradi awe amepata shahada kufikia wakati wa kusajiliwa. Anayefaulu hulipiwa karo na kupewa yuro 1,400 kila mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, huku akisomea katika angalau nchi mbili.

Sharti hilo la kupata shahada ndilo huwatatiza Wakenya. Masomo ya Ulaya huanza takriban Septemba. Mwanafunzi akimaliza mitihani Mei au Juni, na sherehe ya mahafali ya chuo chake ifanyike Desemba, hatakuwa na cheti mkononi wakati wa kusajiliwa. Baadhi ya miungano ya vyuo inayoendesha kozi hizi hukubali barua ya msajili inayothibitisha kwamba mwanafunzi ametimiza masharti yote ya shahada, ilhali mingine hukataa. Busara ni kuiandikia ofisi ya kozi husika na kuuliza kabla ya kuandaa lolote jingine. Jibu likiwa hapana, heri kungoja mwaka mmoja.

Kozi nyingi hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari, kila moja ikiwa na makataa yake. Fikiria mwanafunzi wa sayansi ya mazingira anayelenga kozi inayofunga Januari 15. Kwa hesabu ya kalenda ana majuma mawili baada ya Mwaka Mpya. Kwa kweli, siku yake ya mwisho ni mapema Desemba, kwa kuwa ofisi za chuo hufungwa wakati wa Krismasi na wahadhiri hutawanyika. Hati ya matokeo ya miaka mitatu ya kwanza yafaa iagizwe Oktoba, maana alama moja iliyokosekana ya mwaka wa pili huweza kuchukua majuma kadhaa kutafutwa.

Hati hiyo ikitoka, aikague. Asilimia 64 humweka mwanafunzi wa Kenya katika daraja la pili ngazi ya juu, lakini msomaji wa Ulaya asiyeujua mfumo wetu huenda akaiona kuwa alama hafifu. Ni lazima maelezo ya madaraja yaonekane kwenye hati, na iwapo yamechapishwa nyuma, ukurasa huo nao upigwe picha. Jina pia lilingane na la pasipoti, herufi kwa herufi.

Barua za mapendekezo aghalabu huwa mbili. Mara nyingi mhadhiri hutumiwa kiungo kwa barua pepe ili aiwasilishe mwenyewe, na ujumbe huo huweza kupotelea kwenye taka za barua pepe. Mwombaji amwarifu mapema, kisha amkumbushe kwa adabu. Mhadhiri aliyesimamia mradi wa mwanafunzi ana mengi ya kusema kuliko mkuu wa idara asiyemfahamu, hata kama cheo chake ni kidogo.

Insha ya kueleza azma ndiyo huharibiwa zaidi, kwa kunakili moja na kuituma kwa kozi tano. Yule mwanafunzi wa mazingira akiandika kwamba anapenda mazingira tangu utotoni, hajasema kitu. Akieleza kwamba mradi wake ulipima maji ya mto fulani, kwamba alikwama kwa kutojua kuchanganua ramani za setilaiti, na kwamba somo hilo hufundishwa katika muhula wa pili wa kozi anayoomba, msomaji ataona sababu ya kumteua.

Saa nazo zisisahauliwe. Makataa ya saa tano na dakika 59 usiku Ubelgiji mwezi Januari ni saa saba na dakika 59 usiku Nairobi, ila kuyangoja ni kujitakia mtandao uliolemewa.

Majibu huja kwa namna tatu: kuteuliwa, kuwekwa katika orodha ya akiba, au kukataliwa. Kuna pia wanaokubaliwa kusoma bila ufadhili, na barua hiyo isichukuliwe kuwa ushindi na mtu asiyeweza kujilipia karo. Hata aliyeteuliwa hana budi kutafuta nauli na ada ya viza, kwani kwa kawaida posho huanza kulipwa baada ya kuwasili.