Gawio lako ni asilimia ngapi, na linatoka wapi?

Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, Safaricom iliwapa wanahisa wake gawio la shilingi 1.20 za Kenya kwa kila hisa. Aliyenunua hisa zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2008 alilipa shilingi 5 kwa hisa moja, hivyo gawio hilo kwake ni asilimia 24 ya bei aliyonunulia. Aliyenunua mwaka 2021 kwa shilingi 40 amepata asilimia 3 tu. Kampuni ni ile ile na gawio ni lile lile. Ndiyo maana kiwango cha mapato ya gawio hakisomwi kwenye gazeti pekee. Nusu ya hesabu iko kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni, na nusu ya pili iko kwenye hati uliyopewa na dalali wako siku uliponunua.

Tuchukue mtu aliyenunua hisa 2,000 kwa shilingi 15. Hisa zenyewe ni shilingi 30,000, na tuseme ada ya dalali na tozo za soko zilifika 600, kwa hiyo fedha iliyomtoka mfukoni ni 30,600. Gawio la mwaka kwa hisa zake ni shilingi 2,400, lakini kabla halijamfikia hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, naye hupokea 2,280. Gawanya 2,280 kwa 30,600, upate karibu asilimia 7.5. Anayegawanya 1.20 kwa 15 hupata asilimia 8 na kujidhania tajiri kidogo kuliko alivyo.

Hapo wengi huteleza pia kwenye lile 1.20 lenyewe. Lililipwa mara mbili: senti 55 kama gawio la awali, kisha senti 65 kama gawio la mwisho lililoidhinishwa kwenye mkutano mkuu. Anayeangalia malipo yaliyoingia kwenye simu mara moja tu atahesabu nusu ya mapato yake. Na aliyenunua baada ya daftari la wanahisa kufungwa kwa gawio la awali atapata lile la mwisho peke yake.

Sasa swali zito zaidi: je, gawio hilo linaweza kuendelea? Hapa bei uliyonunulia haina kazi tena. Kinachotazamwa ni uwiano wa gawio kwa faida, yaani kampuni imetoa sehemu gani ya ilichopata. Fungua taarifa ya mapato kwenye ripoti ya mwaka, ushuke hadi chini kabisa, uitafute faida baada ya kodi.

Utakuta tarakimu mbili, na ndipo penye uhondo. Faida ya kundi zima mwaka ule ilikuwa takribani shilingi bilioni 42.7. Chini yake faida inagawanywa: sehemu ya wanahisa wa Safaricom, takribani bilioni 63, na sehemu ya washirika wenye hisa kwenye kampuni tanzu, ambayo ni hasi. Sehemu yawezaje kuipita jumla? Sababu ni Ethiopia, ambako biashara iliyoanza mwaka 2022 ilikuwa ikipata hasara kubwa. Safaricom si mmiliki pekee huko, hivyo washirika wake wanabeba fungu lao la hasara, na fungu hilo huondolewa kwenye mzigo wa mwanahisa wa Nairobi.

Gawio lote lilikuwa takribani bilioni 48. Ukiligawanya kwa bilioni 63, uwiano ni asilimia 76. Ukilipata kwa njia fupi, gawio la 1.20 kwa faida ya 1.57 kwa kila hisa, jibu ni lile lile. Ukiligawanya kwa bilioni 42.7, uwiano unapita asilimia 112, kana kwamba kampuni inalipa kuliko inachopata. Kigawanyo sahihi kwa mwenye hisa ni faida iliyo ya wanahisa wa kampuni mama, kwa kuwa gawio nalo hulipwa kwa hao tu. Hata hivyo, kwa maoni yangu, ile asilimia 112 isitupwe: inakuonyesha kwamba kundi zima, Ethiopia ikiwemo, lilikuwa linahitaji fedha nyingi huku likigawa nyingi. Anayeiona atageuza kurasa hadi taarifa ya mtiririko wa fedha, alinganishe fedha taslimu zilizotokana na biashara na zile zilizotumika kujenga minara, na atazame madeni yamepanda kiasi gani.

Jambo la mwisho ni kwa wale walionunua kwa shilingi 5. Asilimia 24 ni sifa ya uamuzi wa 2008. Ukitaka kujua kama ubaki nazo leo, gawanya gawio kwa bei ya leo sokoni, kwa sababu hiyo ndiyo fedha ungepata ukiuza, kisha ulinganishe jibu na riba ya hati fungani za serikali.