Beti Mbili za Kukumbuka Vitamini

Mwanafunzi wa lishe hukutana na vitamini 13 katika daftari lake, na kila moja ina herufi, pengine na namba, pamoja na ugonjwa unaompata anayeikosa. Kuzikariri kama orodha ni kazi ngumu, kwa kuwa hakuna kitu katika herufi D kinachomkumbusha mtu mifupa, wala katika namba 3 kinachomkumbusha ngozi. Shairi fupi lenye vina huweza kuziba pengo hilo. Hapa kuna beti mbili za tarbia zilizotungwa kwa kazi hiyo. Herufi husomwa kwa silabi moja moja: a, be, se, de, e, ke.

A ikiisha mwilini, gizani huoni njia,
D ni ngao mifupani, matege huyazuia,
E ni mlinzi selini, ni nadra kupungukia,
K kazi yake damuni, jeraha kulizibia.

B moja imo pumbani, beriberi huepusha,
B tatu kinga ngozini, pelagra huiondosha,
B tisa i majanini, damu pungufu huisha,
C imejaa ndimuni, kiseyeye hukomesha.

Umbo la shairi limebeba sehemu ya somo. Kila ubeti ni kundi moja. Vitamini zinazoyeyuka katika mafuta ni nne, yaani A, D, E na K, nazo zinatosha mishororo minne ya ubeti wa kwanza bila kubaki hata moja. Ubeti wa pili ni wa vitamini zinazoyeyuka katika maji, ambazo ni C na jamii ya B. Mizani ni nane kwa nane, hivyo neno likisahauliwa au likibadilishwa, mara nyingi msomaji husikia mshororo ukichechemea. Ukwapi, yaani nusu ya kwanza ya mshororo, kwa kawaida hutaja mahali vitamini inapofanya kazi au chakula inamopatikana. Utao, yaani nusu ya pili, huelekeza kwenye ugonjwa. Kwa sababu hiyo, njia nzuri ya kujipima ni kufunika utao kwa karatasi, kusoma ukwapi, kisha kuukamilisha mshororo kwa kichwa.

Mgawanyo wa makundi una maana kubwa kuliko kupanga majina tu. Vitamini za mafuta huhifadhiwa mwilini, na A hulimbikizwa hasa kwenye ini. Ndiyo maana mtoto wa umri wa kati ya mwaka mmoja na miaka mitano hupewa matone ya vitamini A mara moja tu kila miezi sita: dozi moja ya yuniti 200,000 huingia ghalani na kutumika kidogo kidogo. Hifadhi hiyohiyo ndiyo inayofanya vitamini A na D zidhuru zikizidi, maana mwili hauna njia ya haraka ya kuzitoa. Nyingi za vitamini za maji hazikai. Ziada hutoka na mkojo, na akiba huisha mapema, kiasi kwamba mtu asiyepata vitamini C kabisa huweza kuanza kuvuja damu kwenye fizi, dalili ya kiseyeye, baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. B12 peke yake huvunja kanuni hii, kwani huyeyuka katika maji lakini ini huihifadhi kwa miaka.

Mshororo wa pelagra unaonyesha jinsi beti hizi zinavyoweza kutumika mbele ya tukio halisi. Mwaka 1990 ugonjwa usio wa kawaida ulizuka miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi. Wagonjwa walikuwa na ngozi nyeusi, kavu na yenye magamba katika sehemu zinazopigwa na jua: shingoni, mikononi na miguuni. Chakula chao kikuu kilikuwa unga wa mahindi wa msaada, na mgao wa karanga ulikuwa umekatizwa. Mwanafunzi akianza na neno “ngozini”, shairi linamfikisha kwenye B3, inayoitwa pia niasini, na kwenye jina pelagra. Hilo ndilo lililokuwa jibu, na wagonjwa walizidi 18,000.

Jina likishapatikana, maelezo ya daftari huanza kushikamana nalo. Mahindi yana niasini, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani ya punje kwa namna ambayo utumbo hauwezi kuifungua. Tena mahindi yana uhaba wa triptofani, kijenzi cha protini ambacho mwili hukitumia kujitengenezea niasini. Karanga zina vyote viwili, kwa hiyo zilipokosekana mlo ukabaki bila kinga. Wenyeji wa Meksiko, ambao wamekula mahindi kwa maelfu ya miaka, huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Chokaa hufungua niasini iliyofungwa, na pelagra haikuwa tatizo kwao kama ilivyokuwa kwa watu wa mabara mengine waliochukua mahindi bila kuchukua upishi wake.

Utambuzi wa pelagra hautegemei ngozi peke yake. Mabaka hutokea pande zote mbili za mwili kwa kulingana, na mpaka kati ya ngozi iliyoathirika na ngozi nzima huonekana wazi. Mgonjwa huharisha, na ugonjwa ukiendelea huchanganyikiwa akili. Asipotibiwa anaweza kufa. Mabaka pia hutokea kwa mtoto mwenye kwashakoo, lakini huyo huvimba miguu, na ngozi yake huharibika hata palipofunikwa na nguo.

Shairi lina mipaka ambayo mwanafunzi anapaswa kuijua. Limeacha B2, ambayo upungufu wake hupasua pembe za mdomo, na B6, pamoja na nyingine mbili za jamii ya B ambazo ni nadra kukosekana. Halitaji rovu, kwa kuwa rovu hutokana na ukosefu wa iodini, na iodini ni madini. Mshororo wa B9, yaani folati, unahitaji uangalifu zaidi. Upungufu wa folati husababisha ukosefu wa damu wenye seli nyekundu kubwa kupita kawaida, lakini aina nyingi za ukosefu wa damu hutokana na mambo mengine, hasa uhaba wa madini ya chuma, malaria na minyoo.

Hata pale seli zinapokuwa kubwa, huenda kinachokosekana si folati bali B12, vitamini inayotoka kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Damu ya wagonjwa wa aina zote mbili hufanana kwenye hadubini. Mwenye upungufu wa B12 akipewa vidonge vya B9 peke yake, damu yake inaweza kurudi kawaida huku neva zikiendelea kuharibika, na miguu ikafa ganzi na kuanza kuyumba. Kwa hiyo kando ya mshororo wa saba inafaa mwanafunzi aandike kwa kalamu nyekundu: pima B12 kwanza.