Faranga Moja ya Ziada Inaishia Wapi?

Mwaka 1857 Mjerumani Ernst Engel alichambua matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji. Takwimu za kaya 235 miongoni mwake bado zinafundishia hadi leo. Regresheni ya kawaida huzipa jibu moja la wastani: kila faranga ya ziada ya kipato huendana na nyongeza ya faranga 0.49 kwenye chakula.

Regresheni ya kwantaili, iliyoasisiwa na Roger Koenker na Gilbert Bassett mwaka 1978, huchora mistari kadhaa. Kwenye kwantaili ya 0.1 nyongeza ni 0.40, katikati ni 0.56, na kwenye 0.9 ni 0.69.

Hapo ndipo wengi huteleza, wakidhani 0.1 ni kaya maskini. Sivyo hata kidogo. Ni kaya zinazotumia kidogo kwa chakula zikilinganishwa na nyingine zenye kipato kilekile. Kwa hiyo andika hivi: kipato kikipanda, pengo kati ya wanaotumia kidogo na wanaotumia sana huzidi kupanuka. Kisha pima tofauti yenyewe kati ya 0.40 na 0.69, pamoja na kiwango chake cha makosa, kwani mistari hutofautiana hata kwa bahati tu.