Wateja Wawili Ndani ya Pembetatu

Tuseme wakala wa pesa za simu amefungua kibanda chake saa 3 asubuhi, na kufikia saa 4 amehudumia wateja wawili tu. Kila mmoja alikuja kivyake, na hakuna dakika iliyokuwa na nafasi kubwa kuliko nyingine ya kumleta mteja. Katika daftari mstari wa kwanza ni wa aliyetangulia na wa pili ni wa aliyefuata. Wakati wa aliyetangulia tuuite x, wa aliyefuata y, na saa nzima tuihesabu kuwa 1, hivi kwamba dakika ya 30 ni 0.5 na dakika ya 48 ni 0.8.

Chora mraba wenye upande wa 1, x ikienda kulia na y ikipanda juu. Kwa kuwa aliyetangulia hawezi kufika baada ya aliyefuata, nukta zote zilizo chini ya mstari wa mshazari unaotoka (0, 0) hadi (1, 1) haziwezekani. Inabaki pembetatu ya juu, yenye pembe zake kwenye (0, 0), (0, 1) na (1, 1). Uwezekano wote umejaa humo, tena umetandazwa sawasawa, kama kilo moja ya unga iliyosambazwa juu ya ubao wa umbo hilo. Eneo la pembetatu ni nusu, kwa hiyo ili jumla iwe 1, kina cha unga lazima kiwe 2 kila mahali. Huo ndio msongamano wa pamoja: f(x, y) = 2, pale tu ambapo 0 < x < y < 1, na sifuri kwingineko.

Wanafunzi wengi hushtuka wakiona 2, kwani wamefundishwa kuwa uwezekano hauzidi 1. Lakini 2 ni kina, si uwezekano. Uwezekano hupatikana ukizidisha kina hicho kwa eneo.

Sasa wakala anataka kujua habari za aliyetangulia peke yake, bila kujali wa pili alikuja lini. Hapo tunahitaji msongamano wa pembeni wa x. Sukuma unga wote ushuke wima hadi ukingo wa chini, kisha uangalie umerundikana kiasi gani juu ya kila x. Juu ya x fulani unga ulianzia kwenye mshazari, yaani y = x, ukaishia juu kabisa, y = 1. Urefu huo ni 1 − x na kina ni 2, hivyo rundo ni 2(1 − x). Mwanzoni mwa saa rundo ni kubwa, mwishoni linafikia sifuri, na wastani wake uko dakika ya 20. Kwa aliyefuata tunasukuma unga kuelekea ukingo wa kushoto. Katika kimo cha y, unga umetanda kuanzia x = 0 hadi x = y, na rundo lake ni 2y, lenye wastani wa dakika ya 40.

Makosa mengi ya mitihani huzaliwa katika mipaka hiyo. Mwanafunzi anaona x na y zote ziko kati ya 0 na 1, basi anafanya intigrali kutoka 0 hadi 1 bila kuitazama pembetatu. Kwa aliyetangulia anapata 2 tupu badala ya 2(1 − x). Kosa hili hujifichua lenyewe, maana ukijumlisha 2 kutoka 0 hadi 1 unapata 2, wakati msongamano wowote wa kweli lazima ujumlishe kuwa 1. Ukaguzi huo hauchukui hata dakika moja, na ningependa kila mwalimu audai kabla ya kupokea jibu.

Msongamano wenye sharti unajibu swali jingine. Wakala ameona mteja wa kwanza akiingia dakika ya 48 na anauliza: wa pili atakuja lini? Uwezekano wa mteja kufika dakika hiyo kamili, bila hata sehemu ya sekunde kupungua wala kuzidi, ni sifuri, na hatuwezi kugawanya kwa sifuri. Kwa hiyo tunagawanya misongamano. Tunakata pembetatu wima pale x = 0.8 na kubaki na utepe mwembamba wa unga unaoanzia y = 0.8 hadi y = 1. Kina chake ni 2, lakini jumla yake ni 2 × 0.2, yaani 0.4, ambayo ndiyo thamani ya msongamano wa pembeni mahali hapo. Ili utepe peke yake uwe na jumla ya 1, tunagawanya 2 kwa 0.4 na kupata 5. Aliyefuata, basi, ametandazwa sawasawa katika dakika 12 zilizobaki, kwa msongamano wa 5.

Taarifa hiyo imebadilisha mambo kweli. Kabla ya kujua lolote, uwezekano wa mteja wa pili kufika baada ya dakika ya 54 ulikuwa 1 − 0.81, yaani 0.19. Baada ya kumwona wa kwanza dakika ya 48, umekuwa 5 × 0.1, yaani nusu.

Mtego mkubwa zaidi unakuja tukiruhusu wateja waongezeke kadiri saa inavyosonga. Tuchukue kwamba kila mteja, kabla hatujawapanga kwa zamu, ana msongamano wa 2t kwa wakati t, na wote wawili wanajitegemea. Tukishawapanga, msongamano wa pamoja ni 8xy ndani ya pembetatu ileile. Fomula hii inatenganika vizuri, kipande cha x mara kipande cha y, na wengi hukimbilia kusema kwamba x na y zinajitegemea. Si kweli. Misongamano ya pembeni ni 4x(1 − x²) na 4y³, na ukiizidisha hupati 8xy. Kuna njia fupi zaidi ya kuona kosa: chukua x = 0.8 na y = 0.3. Misongamano ya pembeni yote miwili ni zaidi ya sifuri hapo, lakini nukta yenyewe iko nje ya pembetatu, na msongamano wa pamoja ni sifuri. Wateja wenyewe walijitegemea. Utegemezi tumeuleta sisi tulipoamua nani aitwe wa kwanza. Umekaa kwenye mshazari, wala hauonekani katika 8xy usipoandika kando yake 0 < x < y < 1.

Mahali pa mwisho pa kujihadhari ni katika maneno ya sharti lenyewe. Turudi kwenye msongamano wa 2. Wakala akisema kwamba wa kwanza alikuja dakika ya 48, tunakata utepe na jibu ni nusu, kama tulivyoona. Akisema tu kwamba wa kwanza alikuja baada ya dakika ya 48, hatuna utepe tena bali pembetatu ndogo ya pembeni yenye upande wa 0.2. Ndani yake, sehemu ambayo wa pili amefika kabla ya dakika ya 54 ni pembetatu yenye upande wa 0.1, ambayo ni robo ya eneo. Kwa hiyo uwezekano wa yeye kuja baada ya dakika ya 54 sasa ni robo tatu.