Herufi 11 Mkiani mwa Meseji

Umepakua programu mpya, umeandika namba yako ya simu, umebonyeza "Endelea". Meseji inaingia, na kabla hujaifungua, vile visanduku sita vimeshajaa tarakimu vyenyewe. Wengi hapo huingiwa na shaka: kumbe hii programu inasoma meseji zangu? Na zile za benki je?

Kwa simu za Android, jibu mara nyingi limo ndani ya meseji yenyewe. Ifungue uitazame vizuri, utakuta kitu cha namna hii:

```
Namba yako ya uthibitisho ni 482915. Usimpe mtu yeyote.
FA+9qCX9VSu
```

Ule mstari wa chini wengi hudhani ni takataka za mtandao. La hasha. Ni anwani ya programu inayopaswa kukabidhiwa meseji hiyo.

Zamani mambo yalikuwa ya hovyo. Programu iliyotaka kusoma tarakimu sita iliomba ruhusa ya kusoma meseji zote, na ukikubali, kila kilichomo humo kilikuwa wazi kwake. Oktoba 2018 Google ilitangaza kubana ruhusa hiyo kwenye Play Store, ikabaki hasa kwa programu zenye haja ya kweli, kama ile unayoitumia kusomea meseji. Nyingine zikasukumwa kwenye njia iitwayo SMS Retriever.

Njia yenyewe ni hii. Unapobonyeza "Endelea", programu inaiarifu Google Play services, ambayo tayari imo kwenye simu, kwamba inasubiri meseji. Wakati huohuo inapeleka namba yako kwenye seva ya kampuni. Seva inachagua tarakimu sita kwa kubahatisha, inaziweka kumbukumbu, kisha inatuma meseji yenye herufi 11 za programu ile. Google Play services husubiri hadi dakika 5. Ikiingia meseji yenye herufi zinazolingana, inaikabidhi programu hiyo moja tu. Meseji ya benki haina herufi hizo, kwa hiyo haipiti mlango huo.

Herufi zenyewe hazipangwi kwa kupenda. Huchukuliwa jina la kitambulisho cha programu pamoja na cheti ambacho mtengenezaji ameitilia sahihi, vikapitishwa kwenye hesabu ya SHA-256, na matokeo yakikatwa hubaki herufi 11 za mwanzo. Tapeli akiiga rangi na nembo ya programu ya watu, bado hana ufunguo wao wa sahihi, na herufi zake zitatoka tofauti.

Hapohapo ndipo watengenezaji wenyewe hujikwaa. Tuseme vijana wanatengeneza programu ya kuagiza chakula. Ofisini wanaijaribu, visanduku vinajaa vizuri. Wanaipeleka Play Store, na wateja wanaanza kulalamika kwamba meseji inafika lakini hakuna kinachojaa. Mara nyingi sababu ni kwamba duka hilo huitilia programu sahihi kwa ufunguo mwingine, si ule wa kompyuta ya ofisini, na herufi 11 zimebadilika bila seva kujua. Dalili yake ni hiyo: meseji imo kwenye simu, ila programu inangoja dakika 5 na kuambiwa `TIMEOUT`. Dawa ni kukokotoa herufi upya kwa cheti cha dukani na kuzibadilisha kwenye seva.

Na kuna sisi tunaoweka laini yenye namba hiyo kwenye kiswaswadu na kutumia intaneti kwenye simu nyingine. Meseji itaingia kwenye kiswaswadu, kwa hiyo utaandika tarakimu kwa mkono. Programu inayokunyima nafasi ya kuandika mwenyewe imetengenezwa na mtu asiyejua watu wanavyoishi na simu zao.

iPhone ina utaratibu wake. Tangu iOS 12 ya mwaka 2018, simu yenyewe huiona ile namba na kuipendekeza juu ya kibodi, wewe ukaigusa. Programu haipewi meseji, inapata tarakimu tu.

Tarakimu sita zina michanganyiko milioni moja. Seva isiyoweka kikomo cha kujaribu imeacha mlango wazi, maana kompyuta haichoki kubahatisha. Ikiruhusu majaribio 5 kwa kila namba iliyotumwa, mbahatishaji ana nafasi moja katika 200,000, na namba inapaswa kufa baada ya dakika chache.

Hata vyote vikienda sawa, kilichothibitishwa ni kwamba aliyejaza tarakimu ameipata meseji iliyotumwa kwenye laini ile. Ni nani huyo, seva haijui. Laini iliyokaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba yake hupewa mteja mwingine. Yeye akiiandika kwenye programu uliyokuwa ukiitumia, tarakimu zitajaa kwake kihalali kabisa, na kama programu haina nywila au ulinzi mwingine, itakayofunguka inaweza kuwa akaunti yako. Kwa hiyo badilisha namba ndani ya programu zako wakati laini ya zamani bado inapokea meseji.